Uso wa fundi cherehani ukutani: stensili ya matabaka manne kutoka picha ya simu

"Kijana wangu, hili kovu umelitoa wapi?"

Mzee alikuwa amesimama mbele ya kibanda chake pale mtaa wa Jericho, Nairobi, tepu ya kupimia nguo shingoni, akiutazama uso wake mwenyewe ukutani. Nilikuwa nimemaliza kupuliza tabaka la mwisho. Ndevu zilitoka vizuri, miwani pia, lakini kutoka sikioni hadi pembe ya mdomo kulikuwa na mstari wa kahawia hafifu uliopita katikati ya kivuli cheusi. Mzee hana kovu. Mstari ule ulikuwa daraja la karatasi, yaani ukanda mwembamba usiokatwa ili ushikilie kipande kisianguke, nililoliacha mahali pasipofaa, na chanzo chake hakikuwa kisu wala kopo. Nilikosea kwenye kompyuta siku nne kabla, nilipokuwa nagawa picha katika ngazi za giza na mwanga.

Stensili ni karatasi iliyokatwa matundu: unaibandika ukutani, unapuliza rangi juu yake, na rangi inapita kwenye matundu tu. Picha ya matabaka hutumia karatasi kadhaa, moja baada ya nyingine. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye kugawa. Kukata ni uvumilivu na kupuliza ni mkono mwepesi, na vyote viwili utavipata kwa mazoezi. Matabaka yakigawanywa vibaya, hakuna mkono utakaoyaokoa.

Kwa nini tabaka moja halitoshi

Msanii Mfaransa Blek le Rat alipoanza kupuliza panya kwenye kuta za Paris mwaka 1981, tabaka moja lilimtosha, kwa sababu panya hutambulika kwa umbo lake la nje tu. Uso wa mtu haukupi nafasi hiyo. Kinachomtambulisha ni jinsi mwanga unavyoteremka kwenye paji, unavyopotea kwenye tundu la jicho na kurudi tena shavuni. Lazima uugawe mteremko huo kuwa ngazi chache, na kila ngazi iwe na karatasi yake na rangi yake.

Kwa uso wenye kimo cha sentimita 80, ngazi nne zinatosha. Niliwahi kukata saba, na mtu akisimama hatua tano kutoka ukutani hakuona tofauti yoyote. Nilichopata zaidi ni vidole kuuma.

Picha

Usimpige mtu picha saa sita mchana nje, wala usitumie flashi. Nilimweka mzee mlangoni mwa kibanda mwendo wa saa kumi jioni, mwanga ukimpata kwa upande mmoja, nami nikasogea karibu hadi uso ukajaza skrini. Unachotafuta ni upande mmoja wenye mwanga na upande mmoja wenye giza, na mpaka unaoonekana kati yao. Picha yenye mwanga sawa kila mahali ni nzuri kwa kitambulisho. Ukiigawa, inatoa mabaka yasiyo na maana.

Kugawa toni

Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta kuukuu. Kwanza kata picha ibaki na uwiano wa 7 kwa 10, kisha kwenye `Image > Scale Image` weka upana wa pikseli 1400 na urefu wa 2000, na `X resolution` na `Y resolution` ziwe 63.5 kwa inchi. Namba hiyo ina sababu. Ikichapishwa, picha itakuwa na milimita 560 kwa 800, na kila pikseli moja itakuwa milimita 0.4 ukutani. Kuanzia hapo, chochote unachokiona kwenye skrini unajua ukubwa wake halisi. Pikseli 10 ni milimita 4, na kitu kidogo kuliko hicho hutakikata ukafurahi.

Zungushia kichwa na mabega kwa `Free Select Tool`, kisha uhifadhi uteuzi huo kwa `Select > Save to Channel`, maana utauhitaji mara nne. Baada ya hapo bofya tena tabaka la picha kwenye orodha ya `Layers`. Geuza picha iwe ya kijivu kwa `Colors > Desaturate > Desaturate`, halafu pitisha `Filters > Blur > Median Blur`. Mimi huanza na `Radius` 7. Hatua hii huyeyusha vinyweleo na chembechembe, lakini kingo za pua na midomo hubaki. Ukiiruka, tabaka jeusi litakuwa na matundu mia tatu ya ukubwa wa punje ya mtama.

Sasa tunafika penye kosa la wengi. Miongozo mingi inakwambia utumie `Posterize`, au ugawe kipimo cha mwanga, kutoka 0 ambayo ni nyeusi hadi 255 ambayo ni nyeupe, katika sehemu zilizo sawa, yaani ukate kwenye 64, 128 na 192. Jaribu hivyo kwa uso mweusi uliopigwa kivulini. Nilipofungua `Colors > Levels` kwenye picha ya mzee, kile kilima cha mchoro kilikuwa kimejibanza kushoto, na karibu uso wote ulikuwa kati ya 25 na 135. Ukikata kwenye 64, nusu ya uso inazama kwenye weusi. Ukikata kwenye 192, hakuna kitu huko juu isipokuwa kola ya shati. Vipimo sawa havina haki kwa uso ambao hautumii kipimo chote.

Kwa hiyo vipimo huchaguliwa kwa jicho. Rudufisha picha mara tatu kwa `Layer > Duplicate Layer`, na kwenye kila nakala fungua `Colors > Threshold` ukisogeza kipimo taratibu. Kila kilicho chini ya kipimo kinageuka cheusi, na cheusi ndicho kitakachokatwa. Kwa mzee nilisimama hapa.

Kipimo cha 38 kilinipa weusi, yaani mboni, matundu ya pua, mstari kati ya midomo, fremu ya miwani na kivuli kizito chini ya taya. Unajua umefika ukiweza kumtambua mtu kwa tabaka hilo peke yake, ingawa halijakamilika.

Kipimo cha 72 kilinipa kahawia iliyoiva, ambayo ni upande wote wa giza wa uso, mikunjo ya paji na kivuli cha pua. Hapa tafuta umbo la shavu. Kivuli cha shavu kikiungana na kivuli cha shingo hadi taya ipotee, umepanda mno. Rudi nyuma namba tatu au nne.

Kipimo cha 118, baada ya kugeuza kwa `Colors > Invert`, kilinipa mwanga. Hapo kuna ndevu nyeupe, ncha ya pua, paji, na ukingo wa juu wa miwani. Bila kugeuza ungekata kinyume chake.

Tabaka la nne halihitaji kipimo. Ni ule uteuzi uliouhifadhi, ukijazwa mweusi wote, yaani umbo la kichwa na mabega bila chochote ndani yake. Kwenye matabaka mengine matatu ita uteuzi huo, ugeuze kwa `Select > Invert`, na ujaze mweupe kila kilicho nje ya mtu.

Kwa nini kuanzia kahawia ya katikati

Njia inayofundishwa zaidi ni kuanza na ukuta mweupe na kushuka, kijivu hafifu, kijivu kizito, kisha nyeusi. Sipendi njia hiyo, na sababu ni karatasi yenyewe. Katika tabaka la kijivu hafifu unakata karibu uso mzima, na kinachobaki kuwa karatasi ni vile vipande vya mwanga, yaani paji, ncha ya pua na ndevu. Vyote vinaelea hewani bila kushikwa na kitu. Hivyo ndivyo tunaviita visiwa, na kila kisiwa kinadai madaraja.

Ukianza na umbo zima kwa rangi ya ngozi ya katikati, kisha ukaongeza giza juu yake na mwanga juu yake, matabaka yote matatu yanayofuata yanakuwa matundu kwenye karatasi kubwa. Karatasi inabaki na nguvu, na visiwa vinapungua sana.

Faida nyingine ni kwamba weusi unakaa ndani ya kahawia iliyoiva, na kahawia iliyoiva inakaa ndani ya umbo. Kila tabaka linalalia lile lililotangulia. Stensili ikisogea milimita mbili ukutani hakuna mwanya utakaoonekana. Wanaokata kila toni kama kipande cha fumbo, kila kimoja na mahali pake, hulipa kwa mistari ya ukuta mtupu inayochungulia kila mahali.

Visiwa na madaraja

Visiwa havipotei vyote. Katika tabaka la kahawia iliyoiva la mzee, shavu lenye mwanga lilikuwa limezungukwa pande zote na giza la ndevu, la pua na la miwani. Ukikata, shavu linaanguka sakafuni.

Kuvitafuta kwa macho ni kujidanganya, utasahau viwili. Chukua `Fuzzy Select Tool`, weka `Threshold` yake iwe 0, zima `Diagonal neighbors`, kisha ubofye weupe wa nje kabisa. Weupe wote ulioshikana utateuliwa. Weupe wowote ndani ya uso ambao haukuteuliwa ni kisiwa. Kisiwa kidogo kuliko pikseli 12 kipake mweusi kisahaulike. Kikubwa kipe daraja, yaani chora mstari mweupe wa pikseli 20 kutoka kisiwani hadi bara. Hiyo ni milimita 8, upana ambao manila haichaniki ovyo. Kisiwa kikubwa kama shavu kipe madaraja mawili au matatu, kwa pande tofauti, la sivyo kitapinda kama mlango wenye bawaba moja.

Sasa, daraja lipite wapi? Daraja linazuia rangi, kwa hiyo litaacha mstari wa rangi ya chini. Lakini baada ya kahawia iliyoiva inakuja nyeusi. Ukilipitisha daraja la kahawia mahali ambapo nyeusi itapuliziwa baadaye, mstari unafunikwa na hakuna atakayejua. Weka tabaka la weusi juu ya la kahawia, punguza `Opacity` hadi 50, na uchore madaraja ukiyaelekeza kwenye maeneo meusi.

Tabaka jeusi nalo lina visiwa vyake, kwa mfano nafasi ndani ya fremu ya miwani. Madaraja yake yataonyesha kahawia iliyoiva iliyo chini, na hilo macho huliona kama mng'ao wa kawaida. Sharti ni moja tu, daraja la tabaka jeusi lisikae juu ya daraja la tabaka la kahawia. Yakipandana, rangi zote mbili zinazuiwa mahali pamoja na kahawia ya katikati inatokeza katikati ya weusi. Hilo ndilo kovu la mzee. Nilichora madaraja ya tabaka jeusi usiku bila kuangalia lile la chini, na kutoka sikioni hadi mdomoni yakaenda njia moja.

Mwisho wa kazi ya skrini, chora pembetatu tatu za milimita 15, yaani pikseli 38 hivi, kwenye pembe tatu za picha nje ya mtu, mahali pamoja kabisa katika matabaka yote manne. Hizi ndizo alama za kupatanisha.

Kuchapisha na kukata

Gawa kila tabaka katika vipande vinne vya pikseli 700 kwa 1000 kwa kuweka mistari ya mwongozo katikati na kutumia `Image > Slice Using Guides`. Kila kipande kina milimita 280 kwa 400, kinaingia kwenye A3 na kuacha ukingo ambao mashine haiwezi kuuchapa. Ukifika saiba, sema wazi unataka `Actual size`, si `Fit`. Kisha toka na rula yako, pima kipande cha kwanza kabla hajachapa vingine kumi na tano. Siku moja saiba fulani mjini ilinipunguzia tabaka moja kwa asilimia tatu. Kwenye sentimita 80 hiyo ni zaidi ya sentimita mbili, na macho yalikaa juu ya nyusi.

Gundisha vipande kwenye manila nzito ya A1 kwa gundi ya stiki. Gundi ya maji huikunja karatasi. Kata juu ya kipande cha kapeti ya plastiki, kwa kisu chembamba chenye wembe wa kuvunja ncha, na uvunje ncha mara tu unapohisi manila inaburuzwa badala ya kukatwa. Anza na matundu madogo, macho na pua, wakati karatasi bado ni ngumu, na umalizie makubwa. Kwenye kona ya mviringo zungusha karatasi, kisu kikae pale pale. Ukikata daraja kwa bahati mbaya, bandika selotepu pande zote mbili na uendelee. Tabaka jeusi la mzee lilinichukua jioni mbili, lile la umbo dakika kumi.

Ukutani

Ruhusa ya mwenye ukuta iwe kwenye karatasi, na uwe nayo mfukoni. Kanjo, yaani askari wa kaunti, akipita hataki hadithi. Epuka wiki za mvua ya Aprili na Novemba, na asubuhi za baridi za Julai, maana rangi inakawia kukauka na wewe utakosa subira.

Ukuta uwe wa plasta laini. Ukuta wa changarawe huiweka stensili mbali na rangi hupenya chini yake, hakuna dawa. Upake rangi ya maji isiyong'aa siku moja kabla. Zungushia kila stensili magazeti kwa tepu ya karatasi, upana wa sentimita 20 hivi, kwa sababu manila ya A1 inazidi picha kwa vidole viwili tu na ukungu wa rangi husafiri.

Bandika stensili ya umbo. Kabla ya kupuliza, weka kipande cha tepu ya karatasi ukutani chini ya kila pembetatu. Rangi itaacha alama juu ya tepu, si juu ya ukuta. Tabaka linalofuata linalinganishwa na alama hizo, na kazi ikiisha unabandua tepu, ukuta unabaki safi.

Tikisa kopo dakika mbili. Pulizia pembeni kwanza, ndipo uingie. Shika kopo sentimita 20 hadi 25 kutoka ukutani, likitazama ukuta moja kwa moja, na mkono usisimame. Pita mara tatu kwa utando mwembamba, ukiacha dakika moja au mbili katikati. Rangi ikipulizwa kwa mshazari husukumwa chini ya ukingo. Ukiona ukingo wenye ukungu, karatasi haikugusa ukuta, kwa hiyo ibonyeze kwa kijiti karibu na unapopuliza. Ukiona michirizi midogo kama mizizi ikitoka ukingoni, ulimimina rangi nyingi kwa mara moja. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa rangi hizi. Tumia ile yenye vichujio vya mvuke, hata kama upo nje.

Mpangilio ulikuwa huu: kahawia ya katikati, kahawia iliyoiva, nyeusi, kisha krimu ya mwanga. Subiri dakika 15 kati ya matabaka, na ugusie kwa mgongo wa kidole kabla ya kulaza karatasi inayofuata. Kikinata, subiri tena. Krimu ipulizwe kidogo kuliko unavyotaka, kwenye paji pitisha mara moja tu. Nyeupe kabisa sikuiweka popote isipokuwa kwenye ndevu, kwa sababu juu ya ngozi ya kahawia inaonekana kama chokaa.

Kovu lenyewe lilitibika. Nilipuliza nyeusi kidogo kwenye kifuniko cha kopo, nikachovya brashi nyembamba, nikafuata mstari kutoka sikioni. Dakika tano. Mzee alisogea, akavaa miwani yake, akaukagua ule weusi kama anavyokagua pindo la suruali.

"Sasa huyo ni mimi," alisema. "Lakini hiyo kola umeipinda."

Ilikuwa imepinda hata kwenye picha.